Safu mbili za noti: marejeo ya jioni yanaokoa nini hasa?

“Nagawa ukurasa safu mbili, na jioni napitia noti zangu zote. Mbona mtihani ukifika nakuta zimeyeyuka?”

Aliyeniuliza anasoma uchumi mwaka wa kwanza. Nilimwomba daftari. Safu ya kulia ilikuwa imejaa vizuri, ila kushoto aliandika maneno matupu: “Unyumbufu”, “Bei”, “Mapato”. Jioni alikuwa akisoma kurasa kwa macho, kutoka juu mpaka chini.

Njia hii ilibuniwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika miaka ya 1950. Kushoto unaacha kama sentimita 6, kulia 15, na chini sentimita 5 za muhtasari. Mhadhiri akizungumza unaandika kulia tu. Kushoto panajazwa baada ya kipindi, kwa maswali. Kisha unafunika kulia kwa karatasi na kujibu kwa sauti yale uliyojiuliza.

Tuchukue ukurasa wake mmoja. Kulia: bei ya mkate imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,200, mauzo yameshuka kutoka mikate 500 hadi 450, unyumbufu, yaani kiasi ambacho mauzo huitikia badiliko la bei, ni 0.5. Neno “Unyumbufu” likikaa kushoto halimdai chochote. Atalitazama na kudhani anajua. Tulilifuta tukaandika: “Kwa nini mwuzaji alipata pesa zaidi ingawa aliuza mikate michache?” Hapo ilibidi apige hesabu: bei imepanda kwa asilimia 20, mauzo yamepungua kwa 10 tu, kwa hiyo mapato yametoka 500,000 hadi 540,000. Alipofika hapo akakumbuka kwamba mhadhiri alieleza pia hali iliyo kinyume, unyumbufu unapozidi 1, na kwamba hakuwahi kuiandika. Kipindi kilikuwa cha asubuhi ile ile, hivyo aliweza kuijaza. Baada ya wiki mbili pengo lile asingeliona kabisa.

Naona hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kurudia ndani ya siku moja: noti bado zinaweza kutengenezwa. Vifupisho vyako unavielewa, na mfano uliotajwa kwa mdomo tu bado unausikia.

Hoja inayosemwa zaidi ni nyingine, kwamba usiporudia siku hiyo theluthi mbili ya mhadhara hupotea. Chanzo chake ni Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyechapisha vipimo vyake vya kumbukumbu mwaka 1885. Lakini alijipima mwenyewe, kwa silabi zisizo na maana, na alichopima ni kiasi cha juhudi alichookoa alipojifunza upya. Baada ya siku moja alikuwa akiokoa karibu theluthi. Mhadhara wenye maana, unaoshikamana na mambo unayoyajua, hauyeyuki kwa kasi ile. Kusahau ni kweli. Ila saa 24 si mlango unaofungwa, na aliyerudia kesho kutwa asikate tamaa.

Pia kuna kurudia kunakodanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi. Wengine waliisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikuwa nyuma. Mwanafunzi wetu alikuwa katika kundi la kwanza kila jioni, na kila jioni alilala akiamini amejua.

Wanaoipinga njia hii nao wana mambo ya kweli. Somo la hesabu lenye uthibitisho mrefu halikai vizuri kwenye safu iliyobanwa. Huko ni afadhali utumie ukurasa mzima, ufunge daftari, uufanye uthibitisho upya. Mhadhiri akigawa slaidi zote, kuzinakili upya kulia ni kupoteza muda. Andika maswali pembeni mwa slaidi zenyewe. Na mwenye vipindi vinne kwa siku hawezi kutoa nusu saa kwa kila kimoja. Huyo namshauri dakika kumi kwa kipindi: kujaza mapengo, kuandika maswali matatu kushoto, basi.

Lakini pingamizi lililo zito ni kwamba jioni moja haitoshi kwa mtihani ulio mbali kwa miezi mitatu. Jioni ile ile majibu huja kwa urahisi mno, kwa sababu kipindi bado ki kichwani, na kumbukumbu hukua pale inapolazimika kutafuta. Hivyo maswali yale yafunikwe tena baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Lililokushinda liwekee alama ya nukta kushoto, na safari ijayo anza na yenye nukta. Kijana yule alipofunika ukurasa wake wa mkate baada ya siku nane, swali la mapato alilijibu. La unyumbufu unaozidi 1 lilimshinda, akaliwekea nukta ya kwanza.