Pesa ya Riyadh: watoto kwanza au ukoo kwanza?

"Niko Riyadh nafanya kazi za nyumba. Watoto wangu wawili wako kwa mamangu Kakamega, mkubwa anaingia gredi ya 10 Januari, amepata shule ya kitaifa ya bweni. Kaka yangu yuko chuo cha ufundi naye anataka karo, na mwezi haupiti bila matanga ama mgonjwa. Nikisema watoto kwanza naambiwa nimesahau nilikotoka. Nani anatangulia?"

Dadangu, wengi watakujibu haraka haraka, watoto ni wako, hao wengine watu wazima wajitafutie. Hilo jibu lingekuwa sawa kama watoto ungekuwa nao hapo Riyadh. Lakini wako kwa mamako, yeye ndiye anaamka usiku mdogo akishikwa na homa, yeye ndiye anapanga foleni kwa chifu kutafuta mhuri wa fomu ya basari, na ukimkatia pesa wa kwanza kuumia ni huyo mtoto uliyekuwa unamtetea. Kwa hivyo mimi mamako simweki upande wa ukoo kabisa, namweka upande wa watoto.

Tena mlipe kabisa, kama mshahara. Najua inasikika vibaya, nani analipa mamake? Lakini hebu angalia, wewe unalipwa kulea na kufulia watoto wa mwingine, halafu anayelea wako anapewa "ya sukari" ikibaki. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani huko mashambani kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa kama shilingi 8,600 kwa mwezi. Sisemi mamako ni mfanyakazi wako, nasema hiyo ndiyo bei ya kazi anayofanya, na ukiiweka wazi kila mwezi hata yeye ataacha kuchota pesa ya unga ili anunue dawa yake ya presha.

Sasa tuchukulie unapata riyali 1,000. Riyali imefungwa kwa dola tangu miaka ya 80, 3.75 kwa dola moja, na shilingi nayo imekaa karibu 129 kwa dola, kwa hivyo hiyo ni kama 34,000. Ukibaki na riyali 100 na kidogo za matumizi na makato ya kutuma, nyumbani inafika 30,000 hivi. 8,600 ya mama, 7,000 chakula cha nyumba nzima, 3,000 ya mdogo, chakula cha mchana shuleni, viatu na vidude vyote vya kule. Ya mkubwa ndiyo inataka akili. Kiwango cha serikali cha bweni shule ya kitaifa ni 53,554 kwa mwaka, ukigawanya kwa miezi 12 unapata kama 4,500 na unaona ni rahisi, ila shule haitozi hivyo, inatoza kwa muhula, asilimia 50 kwa 30 kwa 20. Muhula wa kwanza peke yake ni 26,777 na bado hujanunua sanduku, godoro na yunifomu. Na hiyo Januari inakuja nyuma ya Desemba, mwezi ambao kila mtu kwenu ako na harusi, Krismasi na paa linalovuja! Watoto wa watu walio nje wengi wanarudishwa nyumbani Januari, si eti mzazi hatumi pesa, alituma tu mwezi ule mbaya. Hiyo 4,500 ifunge kila mwezi kwa jina lako, kama laini yako ya nyumbani bado inafanya kazi huko, akiba ya simu ya M-Shwari iko na sehemu ya kufunga, na ikifika wakati lipa moja kwa moja kwa akaunti ya shule ukitumia namba ya mtoto ya shule. Isipitie kwa mkono wa mtu, hata mtu mzuri.

Hapo tumefika 23,100. Ongeza 300 ya bima ya afya ya SHA ya mama, ndiyo kiwango cha chini kwa mwezi kwa asiye na mshahara, ingawa wao hutaka ilipwe ya mwaka mzima pamoja, 3,600. Simu nyingi za "mama ako hospitali tuma haraka" ukiangalia ni bili ambayo ingepungua kama ingelipwa hiyo.

Inabaki kama 6,600 na hapa ndipo ugomvi wenyewe uko, manake hii pesa inagombaniwa na watu watatu: kaka, ukoo na wewe.

Niwatetee kidogo hao ndugu maana mtandaoni huwa wanatukanwa tu. Ulipokuwa unatafuta pasipoti, medikali na cheti cha tabia njema, kuna mtu alitoa. Kama aliuza mbuzi ama alichukua mkopo kwa chama, hilo ni deni, na deni linalipwa kabla ya zawadi yoyote, liandike jina na kiasi ulimalize. Pia kazi yako inaweza kuisha kesho, bosi akikurudisha mwisho wa mkataba ama katikati utashukia kwa nani? Ukoo ndio bima yako, na anayekosa kila matanga hapati watu siku yake.

Upande mwingine, kaka yako mtu mzima wa chuo anaweza kuomba mkopo wa HELB, siku hizi vyuo vya ufundi wanapewa, na anaweza kufanya kibarua likizo. Mtoto wa gredi ya 10 hana mlango wa mkopo. Hilo kwangu linaamua. Wanazuoni wa Kiislamu wana mpangilio unaosaidia hata kama wewe si Mwislamu: zaka humpi mtoto wako wala mzazi wako, kwa sababu kuwalisha ni wajibu wako tayari, lakini ndugu maskini unaweza kumpa. Yaani ndugu ana haki, ila inatoka mfuko mwingine. Weka mfuko wa 3,000 kwa mwezi, matanga, mgonjwa na kaka wote wagawane huo, ukiisha tarehe 10 umeisha hadi mwezi ujao. Hiyo 3,600 iliyobaki ni yako, na usione aibu, kule Saudia mfanyakazi wa nyumbani anapata kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka 4, wengi wanatoka kabla.

Na kuna mtu hujamtaja hata mara moja, baba ya hawa watoto. Katiba ya Kenya ibara ya 53 inasema wajibu ni wa mama na baba sawa, mmeoana ama hamjaoana. Kama yuko hai na ana kazi basi naye achangie fungu lake, na kesi ya matunzo inaenda mahakama ya watoto.

Kitu kimoja utakiona ukianza. Mamako akipata zake 8,600 atampa kaka yako nusu, karibu nakuhakikishia, ni mwanawe kama wewe ulivyo na wako. Hiyo usiifuate. Chakula cha watoto kiko kwa fungu lake, karo imefungwa, yeye ametoa jasho lake kwa mtoto wake. Chunga tu ombi linalokuja kwa jina la mtoto, "shule wanataka 2,000 ya trip leo leo", hapo piga simu kwa mwalimu wa darasa kwanza.