Salamu isubiri, korosho itangulie

Mama mdogo wangu, mkazi wa Mikindani, anataka kuweka YouTube video yake ya kwanza: kuchoma na kubangua korosho nyumbani. Juzi alinisomea maneno ya kufungulia. Salamu, jina lake, alivyoanza kazi hiyo, ombi la kujiunga na chaneli, halafu ndipo korosho. Niliyapima kwa saa ya simu: sekunde 52.

Nikamwambia yote hayo yarudi nyuma. Akashtuka. "Nitaingiaje kwa watu bila hodi, mwanangu?"

Hoja yake ni nzito, maana kwetu salamu ni utu. Lakini kwenye video ya mafunzo mgeni ni mtazamaji. Yeye ndiye aliyebisha hodi, tena ana shida mkononi: korosho zinamvunjikia, au mafuta ya maganda yamemuunguza vidole. Kwanza anataka kujua kama amefika nyumba sahihi.

Tukaandika upya. Picha ya kwanza ni vidole vyake kwa karibu, vimepakwa majivu. Anagonga ganda mara moja, korosho inatoka nzima. Hapo anasema:

"Umeiona hii? Imetoka nzima, na vidole vyangu viko salama. Leo nakuonyesha kuchoma korosho kwenye karai na kuzibangua zote zitoke nzima, bila kuungua. Karibu, mimi ni Mama Korosho wa Mikindani. Tuwashe moto."

Sekunde 17 kwa mwendo wake wa kawaida. Salamu imo, ila imekuja baada ya ahadi. Karai nayo imetajwa makusudi, ili anayetafuta mashine ya kubangulia ajue mapema kwamba hii si yake. Mimi naona ahadi nyembamba ina nguvu kuliko "nitakufundisha yote kuhusu korosho", kwa sababu mtu anaweza kuipima kwa macho yake.

Video ikishapata watazamaji wa kutosha, kwenye YouTube Studio kuna mchoro wa mstari unaoonyesha ni watazamaji wangapi bado wanatazama kadiri video inavyoendelea, na pia asilimia ya waliobaki hadi sekunde ya 30. Mstari ukiporomoka mwanzoni kabisa, huenda kichwa cha video kiliahidi jambo ambalo picha ya kwanza haikulionyesha. Ukiteremka taratibu, usihangaike. Watu huondoka kwenye kila video.

Jana tulirekodi kazi yenyewe. Moto ulipokolea, mafuta ya maganda yakawaka, akamwaga zote mchangani na kuzizima. Katika korosho 40 alizogonga mbele ya kamera, 9 zilivunjika. Akaviangalia vile vipande, akaniambia, "Pale mwanzo nimesema zote."

Tukarudia kurekodi ufunguzi tu. Sasa anasema "nyingi zitoke nzima", na zile 9 zilizovunjika zimo kwenye sinia, pembeni mwa picha.