Ngazi ya 6 na mlango wa digrii: GPA ya 2.9 ilivyomfungia mpwa wangu

Mpwa wangu alikuja nyumbani Uyole asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa bado haijaachia, amekumbatia bahasha ya kaki. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Ndani ya bahasha mlikuwa na transkripti ya stashahada yake ya kilimo: ngazi ya NTA 6, na GPA, yaani wastani wa pointi, wa 2.9. Alikuwa ameomba shahada, na ombi lake limekataliwa kwa kukosa sifa.

"Mjomba," akaniambia, "binamu yangu ana D mbili za kidato cha sita na amepokelewa. Mimi nina diploma. Diploma si iko juu ya kidato cha sita?"

Nimefanya kazi na vijana wa vyuo vya kati kwa miaka mingi, na swali hilo nimelisikia Mwanjelwa, nimelisikia Mafinga, nimelisikia kwenye basi la Iringa. Linaniuma kila mara kwa sababu anayeuliza huwa hajakosea. Kwenye ngazi yuko sahihi kabisa. Kilichomkwamisha si ngazi.

Tuanze na ngazi zenyewe. Kwa upande wa elimu ya ufundi, msimamizi ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na tuzo zake za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, zinaanzia namba 4, kwa sababu namba 1 mpaka 3 ni za ufundi stadi, zile za NVA zinazotolewa na vyuo kama VETA. NTA 4 ni astashahada ya awali, NTA 5 ni astashahada, NTA 6 ni stashahada, yaani diploma. NTA 7 ni stashahada ya juu, NTA 8 ni shahada ya kwanza, 9 ni uzamili na 10 ni uzamivu. Kwa hiyo mtu akikuambia ana "cheti", hujajua kitu bado. Cheti cha ushonaji cha NVA 2, cheti cha NTA 4 na cheti cha NTA 5 ni karatasi tatu zenye jina moja mdomoni na uzito tofauti. Muulize namba.

Namba hizo hazikupangwa kwa kuhesabu miaka tu. Kila moja inaeleza kazi ambayo mwenye tuzo anategemewa kuiweza, na hapa ndipo mfumo unaponivutia. Chukua shamba la viazi mviringo huku kwetu. Mwenye NTA 4 anategemewa kufanya kazi za kawaida zinazojirudia: kupima nafasi kati ya mstari na mstari, kuchanganya dawa kama alivyoelekezwa, kuandika kumbukumbu za mavuno. Mwenye NTA 5 anafanya hayo na baadhi ya kazi zisizo za kawaida, na anaweza kukabidhiwa usimamizi wa shughuli za kila siku. Mwenye NTA 6 anaingia kwenye kazi nyingi, na nyingi kati yake si za kawaida. Majani yameanza kuwa na mabaka meusi baada ya siku tano za ukungu na mvua: huyu ndiye anayetakiwa kuamua kama ni ugonjwa wa ukungu au ni mbolea iliyounguza, na amwambie mkulima afanye nini leo. Mwenye NTA 7 anabeba kazi ngumu zaidi za kitaalamu na sehemu ya wajibu wa kazi za wenzake. Mwenye shahada, NTA 8, anategemewa kupanga: kata ipi ipate mbegu kwanza, wataalamu wangapi wapelekwe wapi, fedha zigawanywe vipi, na mwisho wa msimu apime kama mpango ulifaa.

Ukisoma hivyo utaona kwamba astashahada, stashahada na shahada si saizi tatu za kitu kimoja. Ndiyo maana inanikera mzazi anapomwambia mwanawe wa diploma kwamba "ameishia njiani". Kuna kazi ya ngazi ya 6 inayomhitaji mtu wa ngazi ya 6, na shamba lenye mabaka haliulizi nani ana joho.

Sasa kidato cha sita kinakaa wapi? Tazama kinavyopokelewa. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne kwa angalau D, bila kuhesabu masomo ya dini, kwa kozi nyingi anaanzia NTA 4 na kufika diploma kwa miaka 3. Aliyemaliza kidato cha sita na kupata angalau ufaulu mmoja wa "principal", yaani A mpaka E, na mmoja wa "subsidiary", ule mdogo wa S, huruka mwaka wa kwanza, akaanzia NTA 5, akamaliza kwa miaka 2. Maana yake ni kwamba mwenye kidato cha sita bado anahitaji miaka miwili ili afike alipo mpwa wangu. Kwenye ngazi, kijana amemzidi binamu yake.

Lakini kuingia shahada ni suala la mlango, na mlango una vipimo vyake vinavyowekwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Wa kidato cha sita anapimwa kwa masomo mawili ya "principal" yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili za binamu zinatoa 4 kamili, kapita. Wa diploma anapimwa kwa kingine: ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne na GPA isiyopungua 3.0 kwenye NTA 6. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kozi yenyewe inaweza kudai zaidi, hasa kwamba diploma yako iwe ya fani inayohusiana.

Hapo ndipo pana shimo. Kwenye NTA 6, GPA ya 2.0 inatosha kukupa stashahada halali, na kuanzia 2.7 unaandikiwa daraja la pili la chini. Mpwa wangu alikuwa na daraja la pili, alipiga picha, dada akachinja kuku. Hakuna aliyemwambia kwamba kati ya 2.0 na 2.9 mtu ana diploma kamili isiyomwingiza shahada moja kwa moja.

Nilimwomba transkripti tukahesabu pamoja mezani, kwa sababu nilitaka aone ilipotokea. Mwaka wa NTA 6 una krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, shambani na usiku na daftari lako. GPA hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila moduli kwa krediti zake, ukajumlisha, ukagawa kwa krediti zote. Pointi za ngazi hii ni A 5, B+ 4, B 3, C 2. Yeye alikuwa na krediti 24 za B+, ambazo ni 96. Krediti 60 za B, ambazo ni 180. Krediti 36 za C, ambazo ni 72. Jumla 348, gawanya kwa 120, unapata 2.9.

Halafu nikamwonyesha moduli moja ya krediti 12 aliyopata C. Kama angepata B pale tu, angeongeza 12, jumla ikawa 360, na GPA ikawa 3.0. Moduli moja. Alinyamaza kidogo, akasema ile ndiyo moduli aliyoidharau kwa sababu mwalimu wake alikuwa mpole, akatumia muda wote kwenye moduli ndogo ya krediti 6 iliyokuwa inamtisha. Na C ni kufaulu. Mtihani wa marudio ni wa aliyefeli, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kurudi kuipandisha.

Maoni yangu ni haya, na nayasema nikiwa na uchungu. Kiwango cha 3.0 sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kwamba mwanafunzi anakutana nacho siku ya kuomba shahada, wakati kilipaswa kuandikwa ubaoni siku ya kwanza ya NTA 6, pamoja na krediti za kila moduli. Mwenye kujua kwamba moduli ya krediti 12 ina uzito mara mbili ya ile ya 6 hupanga usiku wake tofauti. Tunawafundisha watoto kuogopa kufeli somo, hatuwafundishi kuogopa C kwenye somo kubwa.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi hunibishia. Wanadhani mwenye diploma ya miaka 3 ataingia shahada mwaka wa pili au wa tatu, kwa kuwa "ameshasoma". Kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza. Shahada ya miaka 3 ina krediti zake zisizopungua 360, na za NTA 6 zilishatumika kukupa NTA 6. Pangeni ada kwa hesabu hiyo.

Na la tatu, kwa ufupi: shahada ya NTA 8 inayotolewa na chuo kama TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ambacho kina kampasi hapa Mbeya, ni shahada ya ngazi ile ile ya 8. Asikutishe mtu kwamba si digrii kwa kuwa jina la chuo halina neno "kikuu".

Tukarudi kwa kijana. Nilimwambia kwamba 2.9 haitageuka 3.0 kwa barua ya kuomba huruma, na asimpe hela mtu yeyote anayemwahidi "kurekebisha". Kwa sababu mwenye diploma anapoomba shahada hutumia namba ya uhakiki, AVN, anayoiomba NACTVET, na namba hiyo inatoka kwenye matokeo yaliyomo kwenye kumbukumbu zao, si kwenye karatasi uliyoshika. Hata wenye GPA nzuri hukwama hapo, jina la cheti cha kidato cha nne likitofautiana na la chuo, au chuo kikiwa hakijawasilisha matokeo. Ni vizuri kuiomba mapema, dirisha la maombi lisije likakufungia ukiwa unafuatilia herufi moja.

Njia aliyobaki nayo ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Inampokea mwenye diploma ya GPA kuanzia 2.0, na humo ndani anatakiwa apate GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya msingi, na angalau C kwenye masomo matatu ya mkondo wake. Akifikisha, mlango wa shahada unafunguka.

Alichukua kalamu, akageuza bahasha ile ya kaki, akaandika nyuma yake masomo yatakayohitajika. Pembeni ya kila moja akaacha nafasi. Nikamuuliza nafasi ile ni ya nini.

"Ya krediti, mjomba. Kabla sijafungua daftari."