Kahawa ya saa kumi jioni

“Mimi hunywa kahawa saa kumi jioni nikiwa bado tao, na saa nne usiku nimelala fofofo. Mbona mnatuambia tukomee saa nane mchana?”

Kulala upesi hakuthibitishi kwamba kahawa imeisha mwilini. Kadiri mtu anavyokaa macho, ubongo wake hukusanya adenosini, kemikali inayoleta usingizi. Kafeini haiiondoi, ila hukalia sehemu inapopokelewa, na uchovu ukawepo bila kusikika. Sasa mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kule Rongai ili awahi matatu kabla ya jam hufika usiku akiwa hoi, na kafeini iliyobaki haitoshi kumzuia kusinzia. Hasara huja baadaye: usingizi mzito hupungua na kushtuka-shtuka huongezeka. Asubuhi hakumbuki lolote.

Tupige hesabu. Kapuchino ya shoti mbili ina takriban miligramu 120 za kafeini. Mtu mzima mwenye afya huchukua kama saa tano kuipunguza kwa nusu. Akinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku bado ana miligramu 60 hivi, na saa nane usiku 30. Yaani anaingia kitandani na kafeini inayokaribia ya kikombe cha kahawa ya kopo.

Ila hizo saa tano ni wastani tu. Wapo ambao huchukua saa mbili, na wapo wanaofika tisa, kwa sababu ini ndilo linaloivunja kafeini na maini hayafanani. Vidonge vya kupanga uzazi huweza kuongeza muda huo karibu maradufu, kwa hiyo anayevitumia anaweza kufika saa nane usiku akiwa na 60 zile ambazo mwenzake alikuwa nazo saa tatu. Katika miezi ya mwisho ya mimba muda hufika hata saa 15. Sigara hufanya kinyume, huiharakisha kazi ya ini. Ndiyo maana mtu akiacha sigara bila kupunguza vikombe, usingizi humruka naye akadhani ni kiu ya sigara peke yake.

Wanaotetea saa nane mchana wana ushahidi. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na kifaa cha kupima usingizi kikaonyesha wamepoteza zaidi ya saa nzima. Wao wenyewe hawakuliona hilo. Mapitio ya mwaka 2023 yaliyounganisha tafiti nyingi yakasema kikombe chenye miligramu 107 kinywewe angalau saa 8.8 kabla ya kulala. Kwa mtu wa saa nne usiku, hiyo ni saa saba na dakika kama kumi mchana.

Upande wa pili nao haukuja mikono mitupu. Jaribio jingine, lililotoka mwishoni mwa 2024, lilikuta kwamba miligramu 100 zilizomezwa saa nne kabla ya kulala hazikuvuruga usingizi kwa kiwango cha maana, ilhali 400 ziliuharibu hata zilipomezwa saa 12 kabla. Kwa hesabu hiyo muuliza swali yuko salama. Tatizo ni kwamba waliojaribiwa walikuwa wanaume vijana 23 pekee. Mwanamke anayetumia vidonge, au mzee wa miaka sitini, hakuwemo.

Mimi naona kiasi kina uzito kuliko saa. Kikombe kidogo cha kahawa tungu ya themosi hakilingani na magi kubwa ya mkahawani, na chai ya maziwa ya jioni, ambayo wengi wetu ndiyo tunayokunywa, haiwasumbui watu wengi ikiwa ni kikombe kimoja. Anayelala saa nne na kupenda magi kubwa akomee saa saba au nane. Kikombe kidogo, saa kumi, sioni ubaya kwa kijana mwenye afya. Anayepiga zamu ya usiku ahesabu kurudi nyuma kutoka saa atakayolala, hata kama ni saa tatu asubuhi.

Anayetaka kujua mwili wake uko wapi aiache ya jioni kwa wiki mbili, bila kubadilisha saa ya kulala wala kuamka. Aliyezoea vikombe vingi asiache vyote kwa mpigo, kwa sababu kichwa huanza kuuma ndani ya siku moja, na kero hiyo huweza kudumu hata wiki. Watu wengi hukata tamaa hapo, wakasema bila kahawa wanalala vibaya zaidi. Wiki ya pili ndiyo ya kutazama: kama anaamka kabla ya alamu, au Jumamosi halali tena hadi saa nne asubuhi, kikombe cha jioni kilikuwa kinamla usingizi. Asipoona tofauti yoyote, anywe.