Hudaiwi, lakini cheti hupewi

"Dada, mimi sidaiwi hata senti."

Alisema hivyo kabla hajakaa, akaliweka mezani faili lililovimba risiti. Ni fundi samani, mteja wangu wa mambo ya kodi kwa miaka mingi, na safari hii alikuwa anaiwania zabuni ya kutengeneza madawati. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Sanduku la zabuni lingefungwa Jumatano ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi. Alikuwa ameomba cheti cha uthibitisho wa kodi, ile klirensi ambayo kila tangazo la zabuni huitaja, akajibiwa kwa sentensi moja: ombi limekataliwa, kuna wajibu ambao haujatimizwa. Wajibu gani, wa kodi ipi, wa mwezi gani, hakuambiwa.

Nilimwamini. Na hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu hiki cheti. Tunadhani kinauliza kama umelipa. Kinachoulizwa hasa ni kama leja yako, yaani daftari la hesabu zako kwa mamlaka ya kodi, imenyooka, na hayo ni maswali mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa amelipa kila kitu na leja yake ikawa imepinda. Anayechunguza ombi, awe ofisa au kompyuta, hasomi faili lako la risiti. Anatazama mambo mawili kwenye akaunti yako: je, kila kodi uliyosajiliwa ina ritani, yaani tamko la kodi unalopeleka, kwa kila kipindi, na je, salio la kila kodi ni sifuri au lina makubaliano yanayolifunika.

Kwa hiyo sikufungua faili lake. Nilimwomba aingie kwenye akaunti yake ya mlipakodi, tukachapisha taarifa ya akaunti ya kila kodi peke yake. Ukitazama jumla tu, kodi yenye ziada inaweza kuificha yenye deni, ukabaki unajiuliza umekataliwa kwa nini. Kodi ya mapato karatasi yake, kodi ya mishahara karatasi yake. Nikachukua kalamu nyekundu.

Kodi ya mishahara ilikuwa na mashimo 17. Miaka michache nyuma alikuwa ameajiri vijana watatu, akasajiliwa kukata kodi kwenye mishahara yao na kupeleka ritani kila mwezi. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mwezi alioondoka wa mwisho, naye akaacha kupeleka ritani, kwa sababu, kwa akili ya kawaida, hakuna mshahara hakuna kodi. Lakini mfumo haujui kwamba karakana imebaki na mtu mmoja. Unachojua ni kwamba usajili uko wazi, na usajili ulio wazi unadai ritani kila mwezi, hata iwe ya sifuri. Huo ndio mtego ninaoukuta mara nyingi kuliko deni lenyewe: kodi uliyosajiliwa zamani, ukaisahau, na hukuifunga.

Kujaza ritani 17 za sifuri ni kazi ya mchana mmoja. Kabla ya kuanza, hata hivyo, nilimuuliza swali ambalo hakulipenda: madawati na makabati ya miezi hiyo yote uliyatengeneza peke yako? Akacheka. La, alikuwa anaita mafundi kwa kazi maalumu, analipa kwa kipande. Tukakaa na daftari lake karibu saa nzima kuona kama wale ni vibarua wanaohesabika kuwa waajiriwa wake au ni mafundi wanaojitegemea wenye kazi zao. Walikuwa wanajitegemea kweli, wana vifaa vyao na wateja wao. Malipo kwa watu wa namna hiyo yanaweza kuwa na kodi ya zuio yake, ile anayoikata mlipaji kabla ya kutoa malipo, nayo tukaiangalia. Nasema hivi kwa sababu ritani ya sifuri ni tamko unaloliwekea saini. Mtu anayezijaza 17 kwa haraka ili apate cheti, huku kuna mishahara iliyolipwa, anajiandalia ukaguzi kwa mkono wake mwenyewe.

Tulipomaliza, mfumo ukatoa adhabu ya kuchelewa kwa kila ritani. Alikunja uso. Adhabu kwa kodi ya sifuri! Nami nilikunja wangu. Mpaka leo naona ni kumwadhibu mtu kwa kutotuma karatasi tupu. Tungekuwa na mwezi mzima mbele yetu, ningeandika barua kuomba zifutwe, na kuieleza sababu. Tulikuwa na siku tisa, tukalipa. Yaani haraka ya zabuni ndiyo iliyomnyima haki ya kulalamika.

Tukageukia kodi ya mapato. Hapa palikuwa na deni la 360,000, pamoja na riba iliyokuwa ikipanda kila mwezi. Fundi akaanza kupekua faili, na kweli, risiti ya benki ilikuwepo: 360,000, awamu ya mwisho ya mwaka uliopita, imelipwa siku nne kabla ya tarehe. Pesa zilitoka na mamlaka ilizipokea. Zilikwenda wapi?

Nilimwonyesha kwenye karatasi yake mwenyewe. Chini kabisa, kwenye mwaka uliofuata, palikuwa na ziada ya 360,000. Alipotengeneza namba ya malipo alichagua mwaka usio wake. Mwaka mmoja unadai, wa pili una ziada, kiasi kilekile mpaka senti ya mwisho. Ukiona deni na ziada vinavyofanana hivyo katika vipindi viwili, au katika kodi mbili, usilipe tena. Karibu kila mara ni malipo yaliyoingia chumba cha jirani.

Dawa yake ni barua ya kuomba malipo yahamishwe, pamoja na risiti ya benki na taarifa ya akaunti yenye mistari hiyo miwili iliyozungushiwa duara. Barua iseme wazi kwamba malipo yatambuliwe kuanzia tarehe yalipofanyika. Maneno hayo machache yana uzito kuliko barua yote iliyobaki. Usipoyaandika, pesa inaweza kuhamishwa kwa tarehe ya leo: deni linakwisha, lakini riba ya miezi yote ya katikati inabaki pale. Salio halitasoma sifuri, na cheti kitakataliwa mara ya pili kwa sababu ya riba ya deni ambalo halikuwahi kuwepo.

Hili la kuhamisha malipo ndilo lililokula siku zetu. Ritani unajaza mwenyewe usiku, adhabu unalipa mwenyewe asubuhi, lakini kuhamisha malipo kunahitaji mtu mwingine afungue faili lako. Ndiyo maana barua ilipelekwa Jumanne asubuhi, baada ya ritani zote kuingia. Ofisa akilifungua faili na kukuta mashimo mengine, atakurudisha ukayazibe kwanza. Alhamisi nilimtuma fundi mwenyewe akaulize dirishani, kwa adabu, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Bila ile nakala yenye mhuri ungeambiwa barua haijaonekana, ukaanza upya.

Mara mbili alinipigia: "Dada, niombe tena cheti, labda safari hii kitapita?" Nikamkatalia. Kuomba upya kabla salio halijasoma sifuri ni kujipanga foleni ili ukataliwe. Tulikuwa tunafungua taarifa ya akaunti kila asubuhi. Jumatatu riba ikafutika. Hapo ndipo tukaomba. Cheti kikatoka Jumanne jioni, siku moja kabla ya sanduku kufungwa.

Sasa nina malalamiko. Kompyuta iliyomkatalia ilijua fika kwamba ni kodi ya mishahara, miezi 17, na kodi ya mapato, mwaka fulani. Isingejua, isingekataa. Kwa nini basi jibu lisiseme hivyo? Wapo watakaojibu kwamba yote yamo kwenye akaunti ya mlipakodi, ajitafutie. Ndiyo, yamo, kwa mtu anayejua kusoma leja. Fundi samani anajua kusoma mbao. Mistari miwili kwenye barua ya kukataa ingemwokolea siku nne, na mimi ningekosa ujira wangu, jambo ambalo ningelivumilia.

Lalamiko la pili ni kuhusu cheti chenyewe. Kenya, kwa mfano, cheti hiki kinadumu miezi 12 tangu kitolewe, ingawa mamlaka inaweza kukifuta ukiacha kutimiza wajibu wako. Afrika Kusini wamekwenda njia nyingine: mwombaji anapewa namba ya siri, anaikabidhi kwa mnunuzi, na mnunuzi anaangalia hali yake ya kodi kama ilivyo siku hiyo. Mimi naipenda zaidi hiyo ya pili, kwa sababu karatasi ni picha ya siku moja, na karatasi hughushiwa. Ila ina ukali wake. Unaweza kuwa safi siku ya kuwasilisha zabuni, ukasahau ritani ya mwezi mmoja, ukakutwa na doa siku wanayokaa kutathmini.

Kwa anayedaiwa kweli, mlango haujafungwa. Sehemu nyingi unaweza kuomba kulipa kwa awamu na cheti kikatolewa mradi unatimiza makubaliano. Neno ni makubaliano: yaliyokubaliwa, si ombi ulilolituma jana. Vivyo hivyo kwa deni unalolipinga. Pingamizi liwe limepokelewa na kuandikwa kwenye akaunti, maana malalamiko ya mdomo dirishani hayaonekani kwenye leja.

Watu wanaouza kwa taasisi wana mwiba wao wa ziada. Mnunuzi anakukata kodi ya zuio, anakulipa kilichobaki, kisha anachelewa kuipeleka au anaipeleka kwa namba ya mlipakodi isiyo yako. Wewe unaihesabu kuwa umelipa, leja inasema hapana. Dai cheti cha zuio kila unapolipwa, si mwisho wa mwaka mhasibu wao akiwa ameshahamishwa.

Na kuhusu leseni ya biashara, ambayo nayo huweza kudai cheti hiki, na ambayo huyu fundi angeihuisha miezi michache baadaye: tofauti ni kwamba leseni ina tarehe unayoijua tangu mwaka jana. Zabuni inakuja bila hodi. Nikamwambia, leseni ikibakiza miezi miwili, chapisha taarifa zako zote, kalamu nyekundu mkononi.

Alishika ushauri, lakini bado hatujamaliza. Tuliomba usajili wa kodi ya mishahara ufungwe wiki ileile ya zabuni, na kufunga kumechukua muda mrefu kuliko kupata cheti: wametaka barua za kuondoka kwa wale vijana watatu, na mmoja alihama bila kuaga. Mpaka barua ya kufungwa itoke, tarehe ya mwisho ya kila mwezi ikikaribia namtumia fundi ujumbe wa neno moja: sifuri. Naye hujibu kwa neno moja: tayari.