Slesi kwanza, embe lingoje

Maandalio mengi ya somo la sehemu niliyoyaona huku kwetu Mtwara yanaanza na chungwa. Mwalimu analikata mbele ya darasa, anainua kipande na kusema "hii ni nusu", anakata tena, "hii ni robo", kisha anageukia ubao na kuandika 1/2 na 1/4. Watoto wanaitikia kwa sauti moja na kipindi kinaonekana kimekwenda vizuri. Chungwa hilo mimi silikubali. Vitu halisi vinafaa, tena sana, ila kila kitu kina umbo lake, na umbo hilo ndilo litakaloamua mtoto ameona nini.

Siku ya kwanza jambo la kufundisha ni moja tu: vipande lazima vilingane. Idadi ya vipande mtoto anaihesabu mwenyewe. Usawa ndio unaompita, kwa sababu nyumbani nusu haijawahi kupimwa. Kaka anavunja muhogo wa kuchemsha, anasema "shika nusu yako", na mdogo wake anaona wazi kwamba nusu ya kaka ndiyo kubwa. Mtoto huyo anakuja darasani akijua kuwa nusu ni kipande kimojawapo kati ya viwili, basi. Ukimwonyesha chungwa atalinganisha vipi? Ni la mviringo, linachuruzika maji, na huwezi kulaza kipande juu ya kipande ukaona kipi kimezidi. Ukilimenya na kuhesabu vile vipande vya ndani, navyo havilingani.

Slesi ya mkate ni bapa. Ikikatwa, unalaza kipande kimoja juu ya kingine, na kama kuna kilichozidi kinajitokeza pembeni. Mtoto anakagua kwa macho yake bila kungoja vema ya mwalimu.

Tuseme darasa la tatu lina watoto 60 na kipindi ni cha dakika 40. Nawagawa katika makundi kumi ya watoto sita sita. Kila kundi linapata slesi mbili juu ya karatasi safi, na vipande kadhaa vya karatasi vilivyokatwa kwa umbo la mstatili, ukubwa wa slesi. Mkate uwe wa jana, maana ule laini wa leo unabonyea chini ya kisu na vipande vinaharibika umbo. Kisu nashika mimi peke yangu. Mikono inaoshwa kabla. Shule za nyanda za juu, Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya taabu, kibuyu chirizi kimoja mlangoni kinatosha, mradi uoshaji uanze kabla ya kengele, la sivyo utakula dakika kumi za somo.

Kazi ya kwanza: kundi likubaliane pa kukata ili watu wawili wapate sawa, liweke alama, halafu mimi napita na kukata palipowekwa alama. Siwasahihishi. Wengi watachagua kukata wima, kutoka juu hadi chini. Lakini halikosi kundi litakaloweka alama ya kulala, kushoto kwenda kulia, na hilo ndilo ninalolisubiri. Slesi nyingi zina kichwa cha mviringo juu, kwa hiyo ukikata katikati kwa kulala, kipande cha juu na cha chini havifanani. Wakivilaza kimoja juu ya kingine wanaona pembe za kipande cha chini zimechomoza. Hapo nauliza: "Hii ni nusu?" Waacheni wabishane. Ubishi huo una thamani kuliko maelezo yangu ya robo saa.

Kuna atakayetaka kukata mshazari, pembe kwa pembe, kama sambusa. Huyo mpe karatasi, kwa sababu kichwa cha slesi kitaharibu hesabu. Pembetatu mbili zitalalana sawasawa, kwa hiyo kila moja ni nusu. Lakini mwenzake mwenye nusu ya karatasi iliyokatwa wima atauliza, na ana haki kuuliza, kama pembetatu ile ni sawa na mstatili wake. Weka pembetatu ikae juu ya upande wake mfupi, ncha ikitazama juu. Ikate kwa kulala, katikati ya kimo chake. Ncha iliyotoka izungushe nusu mzunguko bila kuipindua, ishushe, na uiegemeze kwenye mshazari wa kipande kilichobaki. Unapata mstatili ulio nusu ya karatasi. Watoto wanajionea kwamba nusu mbili zinaweza kutofautiana sura na bado zikawa sawa kwa ukubwa.

Robo haichukui muda. Slesi ya pili inakatwa wima kama ya kwanza, kisha kila nusu inagawanywa tena, nayo kwa wima, ili kichwa kisituharibie. Vipande vya pembeni vitakuwa na bega la mviringo, kwa hiyo vinatofautiana kidogo na vya katikati, na kundi litakaloligundua hilo lisifiwe na lihamie kwenye karatasi. Muhimu ni swali linaloulizwa kabla ya kukata: "Ukiwa na njaa, utachukua nusu au robo?" Wote watasema nusu. Nahifadhi jibu hilo, kwa sababu kesho yake, wakiona 1/4 na 1/2 ubaoni bila mkate, wengi watasema 1/4 ni kubwa kwa kuwa 4 inazidi 2. Siku hiyo nawarudisha kwenye njaa yao.

Sasa embe laweza kuingia, lakini kama mfano wa kisichofaa. Nalikata kama linavyokatwa nyumbani: shavu la huku, shavu la huko, na kokwa katikati. Vipande ni vitatu. Je, kila kimoja ni theluthi? Hakuna mtoto wa Mikindani au Masasi asiyejua kwamba aliyepewa kokwa amepunjwa. Darasa zima litakataa, na likikataa limeshika somo, maana limeona kuwa kuhesabu mpaka tatu hakutoshi kuleta theluthi.

Kuandika kunakuja mwisho kabisa, nami naanza na namba ya chini. Naiandika asili kwanza: kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa? Vinne. Nachora mstari juu yake, halafu kiasi: tumechukua vingapi? Kimoja. Ukianza na namba ya juu, mtoto anaziona 1 na 4 kama namba mbili zilizopandana. Wiki hiyo nzima sikubali jibu la "moja juu ya nne". Nataka "kipande kimoja kati ya vinne vilivyo sawa". Ni refu, najua, na mkaguzi anaweza kuona napoteza muda.

Kwenye tathmini nachora mistatili minne ubaoni, yote imegawanywa vipande vinne na kipande kimoja kimetiwa kivuli. Mitatu imegawanywa sawa kwa njia tofauti: wima, kulala, na msalaba. Wa nne una vipande vitatu vyembamba na kimoja kinene, na kile kinene ndicho chenye kivuli. Swali: ipi inaonyesha 1/4? Mtoto aliyetia vema yote minne amehesabu tu. Namrudisha kwenye karatasi na kukunja kesho yake, kabla ya kumpeleka kwenye kujumlisha sehemu, hata kama azimio la kazi linasema wiki hiyo tuwe tumeshafika huko. Mkate, bila shaka, utakuwa umeshaliwa.