Mnada ni Jumamosi, nawe umekuja Alhamisi

Watu wengi wanaonitafuta kuhusu zuio la mahakama hunitafuta siku mbili kabla ya nyundo ya dalali. Wanakuja na kipande cha gazeti kilichozungushiwa kalamu, au na picha ya tangazo lililobandikwa ukutani kwao, na ombi lao ni moja: "Wakili, nisaidie wasiuze nyumba yangu." Nikiwauliza kwa nini benki isiuze, wananitazama kana kwamba sina utu. Lakini hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza mwenyekiti wa baraza la ardhi, na asiye na jibu lake apewe ushauri mwingine kabisa, hata kama inaniuma kumwambia.

Hapa Tanzania kipimo kinachotumika ni kile cha shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969. Mwombaji anatakiwa kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kuna mgogoro wa kweli unaostahili kusikilizwa, na kwa yaliyodaiwa upo uwezekano wa kushinda. Pili, bila zuio atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha. Tatu, akinyimwa zuio ataumia yeye zaidi kuliko mwenzake atakavyoumia zuio likitolewa. Likikosekana moja, ombi linaanguka. Wakenya wana kipimo kinachofanana sana na hiki, cha shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown la mwaka 1973, kwa hiyo msomaji wa Nairobi hatapotea sana humu.

Nitaeleza kwa kesi ya mama mmoja, nikiacha majina na mahali. Mumewe alikopa milioni 40 kwa ajili ya biashara ya vifaa vya ujenzi, akaweka rehani nyumba wanayoishi. Akarejesha milioni 13 na ushee, kisha biashara ikalala. Notisi ya siku 60 inayotakiwa na Sheria ya Ardhi ilimfikia mume, naye akaitia kabatini. Mama alijua siku alipotoka sokoni akakuta vijana wa dalali wanapaka gundi kwenye karatasi. Sheria inataka tangazo la mnada wa ardhi litangulie kwa siku 14 angalau. Alizitumia 11 kuwaomba ndugu wa mume wakae kikao, kisha akaja kwangu Alhamisi.

Alikuja tayari na hati ya kiapo aliyoandikiwa na kijana mmoja wa stesheneri. Ilikuwa na aya 21. Ilisema ana watoto wanne, mdogo ana pumu, hana pa kwenda, na mkwewe mgonjwa anakaa humo humo. Yote kweli, na yote yanaumiza. Lakini haikuwa na sentensi hata moja inayosema benki imekosea nini. Nilipomuuliza kama aliwahi kusaini karatasi yoyote ya mkopo, akasema, "Mimi? Sijawahi hata kufika hiyo benki."

Hapo ndipo kesi ilipozaliwa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinarudia jambo hilo kwa upande wa rehani: rehani ya nyumba ya ndoa inasimama pale tu nyaraka zinapoonyesha kwamba mwenza ameridhia. Kwa hiyo swali halikuwa tena kama watoto watalala nje. Likawa kama rehani yenyewe ni halali. Hilo ni swali la kisheria lenye uzito, na mtu anaweza kulishinda.

Usiku ule tuliandika kiapo upya. Kikawa aya 9. Tulifunga ndoa mwaka fulani, cheti hiki hapa. Tunaishi nyumba hii tangu mwaka fulani, barua ya serikali ya mtaa hii hapa. Rehani ina tarehe fulani, ndoa ikiwa hai. Sijawahi kuombwa ridhaa, sijaitoa, sijasaini. Nimejua habari za rehani tarehe fulani kwa tangazo hili. Mnada ni keshokutwa saa nne. Aya moja tu ikabaki ya watoto na mkwe. Tukakiandika kwa Kiswahili, maana tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, na sioni sababu ya mtu kuapa maneno asiyoyaelewa. Nilimsomea aya kwa aya. Kwenye aya ya tarehe akanisimamisha: "Hapana, ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa nguo." Tukasahihisha. Tarehe moja ya uongo humpa wakili wa benki kazi ya kuanzia.

Zuio la muda halisimami peke yake. Lazima kuwe na kesi ya msingi ambayo zuio linailinda, basi tukafungua vyote viwili kwa pamoja Ijumaa asubuhi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: maombi ya msingi ya kutaka rehani itamkwe batili, na maombi madogo ya zuio yakiambatana na hati ya dharura. Kawaida upande wa pili hupewa taarifa kabla ya kusikilizwa. Mlango wa kusikilizwa upande mmoja hufunguka pale tu taarifa hiyo itakapochelewesha jambo hadi zuio likose maana. Mnada wa kesho yake unaufungua. Lakini anayepita mlango huo ana wajibu wa kusema hata yale yasiyompendeza. Tukaeleza kwamba mume alikopa kweli, kwamba deni halijalipwa, na kwamba zile siku 11 zilipita kwenye vikao vya ukoo. Kuna wenzangu wanaoyaficha haya. Nawaambia wazi kwamba wanawaharibia wateja wao, maana siku benki ikiyafichua, amri inafutwa na mwombaji haaminiki tena.

Saa nane mchana tukapata amri fupi: hali ibaki kama ilivyo hadi pande zote zisikilizwe. Wengi hudhani kazi imeisha hapo. Dalali asiyejua kuna amri atauza. Tulipiga simu, haikupokelewa. Tukapeleka nakala yenye muhuri ofisini kwake, katibu akasaini daftari la kupokelea na kuandika saa 9:40. Nakala nyingine ikaenda tawi la benki. Jumamosi asubuhi mama akasimama getini na nakala ya tatu mkononi, na dalali alipofika akaisoma, akakunja turubai lake. Kama nyundo ingegonga, tungekuwa na kesi tofauti kabisa, kwa sababu sheria inamlinda sana mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na aliyepoteza nyumba hubaki akidai fidia kwa aliyeuza.

Siku ya kusikilizwa pande zote, benki ilikuja na kiapo kinzani chenye mambo mawili mazito. La kwanza: mume aliapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba hana mke. Hili ni shimo la kweli, kwa sababu kifungu kile kile cha 114, baada ya marekebisho ya mwaka 2008, kinaihesabu benki kuwa imetimiza wajibu wake wa kuuliza ikipewa kiapo cha namna hiyo. La pili: mthamini wa benki alimkuta mama nyumbani, akapiga picha vyumba vyote. Mama alikiri. Alimpa hata chai. Mumewe alikuwa amemwambia kuwa ni mtu wa kodi ya majengo. Tukajibu kwamba ripoti ya uthamini ya benki yenyewe ina picha ya sebuleni yenye picha ya harusi ukutani, na benki iliyoiona picha ile ilikuwa na sababu ya kukitilia shaka kiapo cha kapera. Mwenyekiti akasema hayo ni ya kuamuliwa kwa ushahidi, si kwa viapo. Katika hatua ya zuio hilo lilitosha: mwombaji hatakiwi kushinda kesi, anatakiwa kuonyesha kwamba ipo.

Sharti la pili ndilo linalonifanya niandike makala hii. Benki husema, na mabaraza mengi hukubali, kwamba nyumba ikishawekwa rehani imekuwa mali yenye bei, na chenye bei kinafidika. Kwa mkopaji mwenyewe nakubali. Aliyekwenda kwa miguu yake, akasaini, akachukua fedha, ameshakubali kwamba nyumba yake inaweza kugeuka shilingi. Mkopaji wa namna hiyo ambaye habishii deni wala notisi mimi humwambia asifungue kesi. Ada na gharama zangu azipeleke benki, aombe apangiwe upya marejesho. Lakini mke ambaye hakusaini hajaipa nyumba yake bei. Kumwambia atafidiwa ni kulijibu swali la kesi ya msingi kabla halijasikilizwa, kwa kuchukulia kwamba rehani inamfunga. Hoja hiyo naona mabaraza yanaipita upesi mno, na ndiyo niliyoitilia nguvu siku ile. Ilikubaliwa.

Sharti la tatu halikuchukua muda. Hati ya nyumba iko kwenye kabati la benki, nyumba haihamishiki, na riba inaendelea kuhesabiwa. Benki ingepoteza muda. Mama angepoteza makazi.

Kwa bomoabomoa masharti ni hayo hayo, ila ukishtaki serikali au halmashauri lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, na tingatinga halingoji siku 90. Kwa kipindi hicho cha kungoja huombwa zuio linaloitwa Mareva katika Mahakama Kuu, kabla ya kesi kuwapo. Hapo pia kiwanja kisicho na hati, kibali cha ujenzi wala barua ya ugawaji hakiokolewi na urefu wa miaka uliyokaa peke yake. Mwombaji anaulizwa haki yake inatoka wapi.

Mama alipata zuio la miezi 6. Kanuni za mwenendo wa madai haziruhusu zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja. Linaweza kuongezwa, lakini jumla isizidi mwaka, na lisipoombewa nyongeza linakufa lenyewe bila mtu kukupigia simu. Nimeona nyumba ikiuzwa wiki mbili baada ya zuio kuisha, mwenyewe akiwa na amri yake imefungwa vizuri kwenye nailoni. Yule mama nilimwandikia tarehe ya mwisho nyuma ya nakala yake, na chini yake tarehe nyingine ya wiki 4 kabla, ya kuja ofisini. Alikuja siku 2 kabla ya hiyo. Kesi ya msingi bado inaendelea, na shahidi anayefuata ni mthamini.